Ratiba ya murajaa inayozunguka: jinsi ya kuchanganya somo jipya na la zamani bila kupoteza ulichohifadhi

Wengi wanaohifadhi Qur'ani wakiwa watu wazima, wenye kazi na watoto, hawashindwi kuhifadhi, wanashindwa kubaki nayo. Unamkuta mtu ana juzuu tatu, yuko wa nne, mbele anaenda vizuri kabisa, afu unamwambia hebu nianzie Suratul Mumtahana anakwama aya ya pili. Mtume (s.a.w.) alishasema kwenye hadithi iliyopo Bukhari na Muslim kwamba Qur'ani inamponyoka mtu haraka kuliko ngamia anavyochomoka kwenye kamba yake. Na yeye mwenyewe alikuwa akidurusu na Jibril kila Ramadhani, mwaka aliofariki wakadurusu mara mbili. Kwa hiyo murajaa ni nusu ya kazi yenyewe, na hii nusu ndo inahitaji ratiba na ukumbusho, maana somo jipya lina hamu yake lenyewe, la zamani halina, hakuna anayeamka alfajiri na shauku ya kusoma ukurasa alioumaliza mwaka juzi.

Hapa naeleza namna moja tu ya kupanga, inayofaa mtu mwenye kama saa moja kwa siku, na nitaitumia kwa mfano wa mtu aliyemaliza juzuu 30, 29 na 28 (alianza mwisho kama wengi wetu tunavyofundishwa chuoni) na sasa anaingia juzuu 27. Kama wewe una kidogo zaidi au zaidi sana utabadilisha namba tu, mpango ni uleule.

Kwanza, msahafu mmoja na namba za kurasa

Usihesabu kwa sura, hesabu kwa kurasa. Sura hazilingani urefu, ukisema leo nitadurusu sura mbili siku moja utapata dakika tatu siku nyingine nusu saa, na ratiba inakufa hapo. Msahafu wa Madina una kurasa 604, kila ukurasa mistari 15 (ukiacha kurasa mbili za mwanzo), na juzuu moja ni kama kurasa 20. Juzuu 28 inaanzia ukurasa wa 542, ya 29 ukurasa wa 562, ya 30 ukurasa wa 582 mpaka 604. Kwa hiyo huyu mtu wetu ana kurasa 63 mkononi. Juzuu 27 anayoingia ni ukurasa wa 522 mpaka 541.

Kama umehifadhia msahafu wa India au Pakistani, ile ya mistari 13 au 16, baki nao, usihame. Macho yanakumbuka aya ilikuwa juu kulia au chini kushoto, ukibadilisha msahafu unapoteza huo msaada wote, na hata kwenye simu hakikisha apu inaonyesha kurasa zilezile. Namba za kurasa hapa chini zitakuwa tofauti kwako, hesabu zako mwenyewe.

Pili, gawa ulichonacho mafungu matatu

Somo jipya: ni ulichohifadhi leo. Kwa mtu wa kazi nusu ukurasa inatosha, yaani mistari 7 au 8, siku 5 kwa wiki. Siku mbili zinazobaki hakuna jipya, ni murajaa tu.

Murajaa ya karibu: masomo 10 ya mwisho, ambayo kwa mwendo huu ni kurasa 5. Haya yanasomwa YOTE kila siku, bila msahafu. Somo jipya la leo likiingia, lile la zamani kuliko yote kwenye kumi linatoka. Maana yake kila somo linakaa hapa kama wiki mbili na linasomwa kila siku katika hizo wiki mbili.

Murajaa ya mbali: kila kitu kingine. Hapa ndo pana kurasa 63, na hapa ndo zamu inazunguka: kurasa 9 kwa siku, siku 7, mzunguko umeisha unaanza tena.

Muda wake? Ukurasa ulioshika vizuri ukiusoma kwa mwendo wa kawaida wa kudurusu, si wa kukimbia, unachukua dakika mbili au mbili na nusu. Kwa hiyo mbali ni dakika 20 hivi, karibu ni dakika 12, na jipya nusu saa. Ukiona kurasa 9 zinakuchukua dakika 45 hilo lenyewe ni jibu, kwamba hizo kurasa hazijashika, na tutafika hapo.

Tatu, ukumbusho useme ukurasa gani

Alamu iliyoandikwa "soma Qur'ani" haisaidii. Inalia, unajiuliza nisome wapi, unasoma unayoipenda, na sote tunajua ni ipi, Mulk na Rahman na Yasin, na Mujadila inabaki pale pale. Ukumbusho lazima ukupe namba: leo 551 mpaka 559. Ukishaiona namba hakuna cha kuchagua tena.

Sasa swali ni namba hiyo itoke wapi, na hapa naomba uwe makini kidogo maana watu wengi wanaikosea. Njia ya haraka ni kugawa kwa siku za wiki: Jumamosi 542 hadi 550, Jumapili 551 hadi 559, na kuendelea mpaka Ijumaa 596 hadi 604, unaweka kwenye kalenda ya simu ijirudie kila wiki, basi. Inafanya kazi, lakini ina tatizo moja kubwa. Kila mtu ana siku yake ya wiki inayomshinda. Kuna mtu Jumatatu yake ni ya fujo kila wiki, ofisini mpaka usiku. Kwa hiyo fungu la Jumatatu, ambalo ndo lina Tahrim, Mulk, Qalam na Haqqa, linarukwa wiki hii, linarukwa wiki ijayo, na baada ya miezi miwili ukurasa wa 566 umeshaondoka wakati 587 unang'aa. Ratiba yako inaonekana inatembea siku 6 kati ya 7 na bado unapoteza.

Kwa hiyo zamu isifuate siku, ifuate kilichosomwa. Kurasa za leo ni zile 9 ambazo zimekaa muda mrefu kuliko zote bila kusomwa. Ukikosa Jumatatu, Jumanne inaanza na za Jumatatu. Hakuna fungu linalorukwa, mzunguko unachelewa siku moja tu.

Kwenye daftari hii ni rahisi sana: andika mafungu yako saba kwenye ukurasa mmoja, kila fungu mstari wake, na unaweka tarehe mbele ya fungu UKISHALIMALIZA. Kesho unaangalia fungu lenye tarehe ya zamani kuliko zote, ndo la leo. Mwenye simu ya kitochi anatumia daftari hili na alamu tu na hajapungukiwa na kitu.

Kama unatumia simu janja au kompyuta, Google Sheets inakufanyia kazi hiyo yenyewe. Fungua shiti mpya, safu A andika Ukurasa, safu B Tarehe, safu C Makosa. Chini yake weka 542, 543, 544 mpaka 604, kila namba mstari wake. Kwenye Tarehe siku ya kwanza weka tarehe ya jana kwa zote, usiache wazi. Afu kwenye kisanduku E2 bandika hii:

```
=SORTN(FILTER(A2:C, A2:A<>""), 9, 0, 2, TRUE, 1, TRUE)
```

Inakupa kurasa 9 zenye tarehe ya zamani zaidi, na zikilingana tarehe inazipanga kwa namba ya ukurasa. Siku ya kwanza utaona 542 hadi 550. Ukimaliza kusoma unabadilisha tarehe za hizo tisa kuwa ya leo (kwenye kompyuta bonyeza `Ctrl + ;` inajiandika), na papo hapo E2 inakuonyesha 551 hadi 559, ambazo ni za kesho. Kama shiti yako inakataa kwa sababu ya mkato, mipangilio ya nchi fulani inataka `;` mahali pa `,` jaribu hivyo.

Angalizo: badilisha tarehe kwa ukurasa uliousoma kweli tu. Ukisoma sita ukachoka, badilisha sita. Tatu zilizobaki zitakuwa za kwanza kesho. Hakuna deni la kubeba, hakuna kulipa, na hili ndo linafanya mpango uishi, kwa sababu mtu akiugua siku nne akaona anadaiwa kurasa 36 anaacha kabisa.

Nne, weka alamu mahali ambapo unaweza kuitikia

Alamu tatu, kila moja na fungu lake. Zifungie kwenye swala, siyo kwenye saa tu, maana swala tayari inakusimamisha.

Baada ya alfajiri, jipya. Kichwa kimetulia na nyumba haijaamka. Mbali iweke kati ya magharibi na isha. Karibu unaweza kuipeleka popote, wengine wanaisoma ndani ya daladala au matatu wakienda kazini, inafaa, kwa sababu ni kurasa 5 ulizozisoma jana pia, hazihitaji utulivu mkubwa. Mbali usiiweke kwenye gari, utakwama na utashindwa kufungua msahafu ukiwa umesimama umeshika bomba, afu unaruka pale ulipokwama ukiendelea mbele, na hivyo ndivyo shimo linavyozoeleka.

Mtu wa Dar, Zanzibar au Mombasa anaweza kuweka alamu kwa saa ya kawaida na kusahau, maana huku kwetu karibu na ikweta nyakati za swala hazipishani hata saa nzima mwaka mzima. Lakini ndugu zetu walioko Uingereza au Kanada alfajiri ya Juni na ya Disemba ni vitu viwili tofauti kabisa, hao watumie apu ya nyakati za swala inayoweza kulia dakika kadhaa baada ya adhana, la sivyo kila baada ya wiki chache alamu ya jipya itakuwa inalia kabla wakati haujaingia au jua limeshatoka.

Ukiona alamu fulani unaizima bila kufanya kitu siku tatu mfululizo, usijilaumu na usiongeze alamu ya pili, ihamishe muda. Alamu inayozimwa kila siku baada ya wiki mbili hata huisikii.

Na swala zenyewe zitumie. Sunna za kabla na baada ya faradhi ni rakaa 12 kwa wanaozihesabu hivyo, ukisoma nusu ukurasa kila rakaa umemaliza kurasa 6 kati ya 9 za mbali bila kutenga hata dakika moja ya ziada, na usomaji wa ndani ya swala ndo mtihani wa kweli, huwezi kuchungulia. Wengine ukurasa mzima wanapeleka kwenye tahajudi. Ukitoka kwenye swala kama kuna mahali ulikwama nenda moja kwa moja kaangalie, usisubiri.

Tano, mpangilio wa siku yenyewe na geti la somo jipya

Alfajiri usianze na jipya. Anza na somo la jana, kwa kichwa, mara moja. Ukikosea zaidi ya mara mbili ndani ya hiyo mistari 7, leo hakuna jipya, unarudia la jana mpaka lisimame. Hili ni geti, na ni gumu kulifuata kwa sababu mtu anaona anachelewa, lakini somo bovu likiingia kwenye karibu linakusumbua wiki mbili nzima.

Kosa nahesabu hivi: mahali popote ulipolazimika kufungua msahafu, au mtu anayekusikiliza amekurekebisha. Kusita sekunde mbili ukakumbuka mwenyewe siyo kosa, ila weka alama ya penseli pembeni. Kama hupendi kuandika kwenye msahafu andika namba ya aya kwenye daftari.

Ukishavuka geti, hifadhi ya leo, na kabla hujafunga unganisha. Yaani soma aya ya mwisho ya jana na aya ya kwanza ya leo kwa pumzi mfululizo, mara tano sita. Hii ni muhimu hasa kwenye mpaka wa ukurasa. Msahafu wa Madina umepangwa ili kila ukurasa uishe mwisho wa aya, ni jambo zuri kwa kuhifadhi, lakini matokeo yake ni kwamba kila ukurasa unakuwa kitu kinachojitegemea kichwani, na mtu anajua ukurasa wa 563 wote na wa 564 wote ila hajui 563 unakwenda wapi. Unamsikia anafika mwisho wa ukurasa anapiga kimya. Siyo kwamba amesahau, hakuwahi kuhifadhi hiyo sehemu ya kuungia. Kwa hiyo kwenye mbali pia ukimaliza kurasa zako tisa ongeza aya moja ya ukurasa wa kumi, maana mpaka wa fungu ni mahali pengine ambapo hakuna siku unapovuka.

Sita, kinachogongana kati ya jipya na la zamani

Hapa ndo sababu hasa ya kuchanganya, na siyo tu kupanga foleni. Aya zinazofanana, mutashabihat, zinaharibiana. Na mara nyingi siyo la zamani linaloharibu jipya, ni jipya linaloingia na kuvuruga la zamani ambalo ulikuwa unalijua miaka.

Chukua huyu mtu wetu. Juzuu 27 kwa nusu ukurasa, siku 5 kwa wiki, ni masomo 40, wiki 8. Wiki ya 7 anafika Suratul Hadid, inayoanzia ukurasa wa 537: *Sabbaha lillahi ma fis-samawati wal-ardh*. Sasa kwenye kurasa zake za zamani ana Hashr ukurasa wa 545 na Saff ukurasa wa 551, na zote mbili zinaanza: *Sabbaha lillahi ma fis-samawati wa ma fil-ardh*. Tofauti ni ule *ma fi* wa pili, Hadid hauna. Afu ana Jumua ukurasa wa 553 na Taghabun wa 556, zinazoanza *Yusabbihu*, siyo *Sabbaha*. Ana sura nne alizozisoma vizuri mwaka mzima na moja mpya inayofanana nazo, na asipofanya kitu, ndani ya wiki mbili Hashr itaanza kukosa *ma fi* yake bila yeye kujua.

Anachofanya ni hiki. Siku anapohifadhi mwanzo wa Hadid anafungua zile nne na kusoma aya ya kwanza ya kila moja, kwa mpangilio: Hadid, Hashr, Saff, Jumua, Taghabun. Anaziandika kwa mkono kwenye ukurasa mmoja wa daftari, moja chini ya nyingine, na anapigia mstari pale zinapoachana. Kisha, kwa muda wote Hadid iko kwenye karibu, hizo aya tano zinasomwa pamoja kila siku, ni sekunde 40 tu. Kwenye shiti unaweza kuongeza mstari mwingine mahali pa namba ukaandika `545+551+553+556` lakini binafsi naona daftari linatosha, ile kuandika kwa mkono ndo inashika.

Na angalia mgawanyo wako wa mbali unaficha nini. Takwir iko ukurasa wa 586 na ina *alimat nafsun ma ahdharat*. Infitar iko ukurasa unaofuata, 587, na ina *alimat nafsun ma qaddamat wa akhkharat*. Kwa kurasa tisa tisa, 586 ni wa mwisho wa fungu la tano na 587 ni wa kwanza wa fungu la sita. Zimepakana lakini huwezi kuzisoma siku moja hata siku moja, na kila siku ukiwa kwenye moja wapo unajiona uko sawa. Kwa hiyo kila mzunguko wa tatu au wa nne anzia pengine: badala ya 542 anza 547, kwa kuzisoma tano za mwanzo peke yake siku moja, na mipaka yote itahama. Utashangaa makosa yatakayojitokeza ambayo hukuwahi kuyaona.

Saba, ukurasa dhaifu unarudi karibu

Kila ukimaliza kurasa za mbali andika makosa kwenye safu C. Ukurasa wenye makosa 3 au zaidi haujashika, na wiki nzima ni mbali sana kwake. Uchukue uuweke kwenye karibu, usomwe kila siku, siku 7. Ukipita siku mbili mfululizo bila kosa hata moja kabla ya hapo usiutoe, maliza siku 7, kwa sababu usafi wa siku ya pili ni wa kumbukumbu ya jana, siyo wa kushika.

Kuziona zote kwa mkupuo:

```
=FILTER(A2:C, C2:C>=3)
```

Ikiandika `#N/A` maana yake hakuna ukurasa dhaifu. Weka kwenye I2 au popote ambapo haigongani na ile orodha ya kwanza.

Lakini karibu isizidi kurasa 10 kwa jumla. Ukiona dhaifu ni nyingi, tuseme 12 kati ya 63, hapo huongezi kurudia, unasimamisha jipya. Kabisa. Wiki mbili au tatu, nusu saa ya alfajiri inakwenda kwa hizo dhaifu, mbili mbili. Watu wanachukia sana hatua hii na ndo inayookoa hifdhi yao, maana kuendelea mbele na dhaifu 12 ni kuzifanya 25 kufikia mwisho wa juzuu.

Jambo lingine, kujisikiliza mwenyewe kuna mwisho wake. Mdomo ukizoea kosa hausikii kosa, utasoma harakati isiyo sahihi mwaka mzima na kuandika sifuri kwenye safu C. Angalau mara moja kwa wiki fungu zima msikilizishe mtu, ustadhi akipatikana ni bora, la sivyo mwenzio mwenye msahafu mkononi, hata kwa simu. Na usimwachie tu umsomee toka mwanzo, mwambie akuchomoe katikati: yeye anasoma aya moja kutoka popote kwenye kurasa tisa, wewe unaendelea aya tano, anakuhamisha. Mara sita hivi zinatosha. Mtu anayejua ukurasa kwa kuanzia juu tu atakwama kwenye ya pili, na hapo umepata namba ya kweli ya kuandika. Ukikosa mtu kabisa jirekodi kwa simu, afu sikiliza ukiwa unafuata kwa macho.

Nane, mzunguko unakua, ufanyeje

Akimaliza juzuu 27 na masomo yote yakahamia mbali (ukurasa ukitoka kwenye karibu unaongeza mstari mpya chini ya shiti na tarehe ya siku hiyo), ana kurasa 83. Kwa 9 kwa siku mzunguko umekuwa siku 9 na kitu. Bado sawa. Ila akiingia juzuu ya tano bila kubadilisha, inakwenda siku 11, na hapa mimi nasimama: kwa mtu aliye chini ya juzuu 5 mzunguko usizidi siku 10. Kwa hiyo ile 9 ndani ya fomula anaifanya 11 au 12. Muda unaongezeka dakika tano, na kurasa za zamani zaidi kwa wakati huo zinasomwa haraka zaidi kwa hiyo wala haumi.

Kuanzia juzuu kama 10 kwenda juu mzunguko unaruhusiwa kurefuka taratibu, wiki mbili, wiki tatu, kwa sababu juzuu za mwanzo zina miaka. Aliyemaliza zote, wengi wanashika juzuu moja kwa siku, mwezi unaisha nayo. Wenye nguvu wanafuata mgawanyo wa zamani wa siku saba, unaokumbukwa kwa herufi za *fami bishauqin*: siku ya kwanza Fatiha mpaka Nisaa, ya pili inaanzia Maida, kisha Yunus, Bani Israil, Shuaraa, Was-Saffat, na ya saba Qaf mpaka mwisho. Hiyo ni juzuu nne na zaidi kila siku, siyo ya mtu mwenye saa moja.

Ramadhani simamisha jipya mwezi mzima na mbali ipandishe mpaka kurasa 20 kwa siku, ukiwa na 83 unazimaliza kila siku nne na kitu, na kama unaswalisha tarawehe hata nyumbani na familia, kurasa za usiku huo zichukue kwenye E2.

Ukisafiri au ukiugua, shika karibu peke yake, kurasa 5, acha mengine. Kina dada siku za hedhi, masheikh wamekhitilafiana kama inaruhusiwa kusoma kwa kichwa bila kugusa msahafu, fuata ulichofundishwa na mwalimu wako, na anayeacha kusoma asikilize kurasa zake za mbali kwa msomaji mmoja yuleyule, moyoni akiwa anatangulia neno moja mbele ya msomaji. Tarehe asibadilishe kwenye shiti kwa kusikiliza tu. Akirudi kurasa zake zitakuwa zinamsubiri pale juu E2, tisa za kwanza, na siku mbili tatu za mwanzo ni za karibu na mbali tu, jipya linaanza siku ya nne.